Memo ya kumpandisha mtu cheo haiandikwi kwa sifa

Memo yangu ya kwanza ya kumpendekeza mtu apandishwe cheo ilirudi mezani kwangu na mstari mmoja wa kalamu nyekundu pembeni: "Kigezo cha 2: ushahidi uko wapi?" Nilikasirika. Niliona kamati imemdharau mtunza bohari wangu, mtu aliyekuwa akifika kabla ya wote na kuondoka wa mwisho. Nilipoisoma tena memo ile nikiwa nimetulia, niliona kwamba aliyemwangusha ni mimi. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili nzima kwamba ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu na anayejituma, na hakuna hata neno moja kati ya hayo lililokuwa kwenye vigezo. Kikao kilichofuata kilikuwa baada ya miezi sita. Miezi sita hiyo aliilipia yeye.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao wasimamizi wenzangu wengine wanauona mkali: memo ya kupandisha cheo isiyomweka mfanyakazi mbele ya kila kigezo, kwa maneno yaleyale ya kigezo, inamdhulumu mfanyakazi huyo hata kama imejaa sifa. Sifa zinamfurahisha anayesoma, lakini hazimpi cha kutetea mbele ya wajumbe wasiomjua mtu huyo.

Cheo alichokuwa akikiendea ni mtunza bohari mwandamizi, na vigezo vyake vilikuwa vinne. Awe ametumikia cheo cha sasa kwa miaka mitatu bila shauri la nidhamu. Tofauti kati ya leja na vifaa vilivyopo rafuni isizidi asilimia 2 ya aina zote za vifaa, kwa hesabu mbili mfululizo. Awe amefundisha au kusimamia watunza bohari wengine na matokeo yaonekane. Na awe ameandaa mpango wa mahitaji wa robo mwaka bila kusaidiwa.

Ukivisoma taratibu, utaona kwamba kigezo cha kwanza tu ndicho kinachohusu kazi aliyonayo. Vingine vinauliza kama ameshaanza kuibeba kazi ya juu. Hapo ndipo wasimamizi wengi tunapotea. Mtu anaifanya kazi yake ya sasa vizuri sana, tunataka kumshukuru, tunaandika memo ya shukrani halafu tunaiita pendekezo. Kama ni shukrani, ziko bonasi, iko nyongeza ya mshahara, iko barua ya pongezi. Kamati ya vyeo inauliza jambo jingine: tukimkabidhi bohari nzima na watu wanne chini yake kesho asubuhi, itakuwaje?

Kigezo cha kwanza kinamalizwa kwa mstari mmoja, tarehe ya kuteuliwa na uthibitisho kutoka ofisi ya utumishi. Usikipambe. Cha pili ndicho kilichonifundisha kazi.

Katika memo ya kwanza nilikuwa nimekibadilisha bila kujua. Kigezo kilisema asilimia 2 kwa hesabu mbili mfululizo; mimi niliandika "usahihi wa hesabu umeimarika sana." Mara ya pili nilikinakili kigezo neno kwa neno, nikaweka takwimu chini yake. Bohari ina aina 640 za vifaa. Hesabu ya Juni ilikuta aina 41 zenye tofauti, sawa na asilimia 6.4. Ya Desemba ilikuta aina 12, asilimia 1.9. Ya Juni iliyofuata ilikuta aina 9, asilimia 1.4. Hesabu mbili mfululizo, zote chini ya 2. Nikaona nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza, maana kati ya ile Juni ya kwanza na Desemba tuliletewa skana za kusomea lebo za vifaa. Mjumbe yeyote makini angeuliza: huyu amefanya nini, na skana zimefanya nini? Takwimu iliyopanda au kushuka haimtaji aliyeisogeza. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye memo ninazosoma sasa: msimamizi anachukua matokeo ya idara nzima, au ya mtambo mpya, au ya msimu mzuri, na kuyaweka juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Nilitafuta mahali pa kulinganisha. Bohari yetu ya pili ilipata skana zilezile wiki ileile. Ina aina 580, na katika kipindi hichohicho ilitoka aina 38 zenye tofauti hadi 27, yaani kutoka asilimia 6.6 hadi 4.7. Kwa hiyo skana zilisaidia, lakini peke yake hazikuwafikisha wenzetu kwenye 2. Nikajiuliza yeye alikuwa akifanya nini ambacho wao hawakufanya, na jibu lilikuwa kwenye faili la kijani juu ya kabati lake. Kila Ijumaa mchana alihesabu aina 50 za vifaa, akalinganisha na leja, na palipokuwa na tofauti akaifuatilia siku ileile kabla kumbukumbu ya aliyetoa kifaa haijafifia. Kwa mwendo huo, bohari yote inapitiwa mara moja katika wiki 13, yaani robo mwaka. Karatasi zilikuwa 47 kwa wiki 52, kila moja ikiwa na tarehe na sahihi. Tano zilizokosekana ni za wiki alizokuwa likizo.

Sikuwahi kumwagiza afanye hivyo. Alianza mwenyewe.

Aya niliyoipeleka kamatini ilisomeka hivi:

"Kigezo cha 2 kimetimia. Tofauti imeshuka kutoka asilimia 6.4 hadi 1.9, kisha 1.4. Sehemu ya mafanikio haya imetokana na skana, kama inavyoonekana kwenye bohari ya pili iliyoshuka kutoka asilimia 6.6 hadi 4.7. Kinachobaki nakihusisha na hesabu ya kila Ijumaa aliyoianzisha mwenyewe. Karatasi 47 zimeambatishwa. Ulinganisho huu una upungufu: bohari ya pili inatoa vifaa vidogo vingi zaidi kwa siku, hivyo ni vigumu zaidi kuidhibiti."

Mwenzangu mmoja aliniambia sentensi ya mwisho ni ya kujichimbia shimo. Simwamini hata leo. Mjumbe anayeijua bohari ya pili angeuona upungufu huo mwenyewe, na akiuona kabla sijausema, ataanza kutilia shaka na yale mengine ya kweli niliyoyaandika.

Kigezo cha tatu kilitaka matokeo yaonekane. "Amefundisha wawili" ni maelezo ya shughuli tu. Nilikwenda kwenye hati za kutolea vifaa za hao wawili, nikahesabu zilizorudishwa na ofisi ya hesabu kwa makosa. Mwezi wa kwanza wa mafunzo zilirudi 14 kati ya 120, mwezi wa tatu zilirudi 3 kati ya 131. Niliongeza kwamba kadi mpya ya kufundishia aliyoibuni ilikuwa imesaidia.

Hapa nilifanya jambo ambalo si ofisi zote zinaliruhusu, lakini ninapoweza silikosi: nilimpa asome sehemu ya ushahidi kabla sijaweka sahihi. Si mapendekezo yangu, wala lugha. Ushahidi tu, ahakikishe kama mambo yalikuwa hivyo. Alisoma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mkuu, hii kadi si yangu. Aliibuni mwenzangu wa zamu ya jioni. Mimi niliitumia tu."

Nilimwambia, "Dada, nikiitoa, kigezo hiki kitapungua uzito kidogo."

"Kipungue. Yeye naye ana siku yake ya kuandikiwa."

Niliitoa. Hesabu ya hati zilizorudishwa ilitosha, na kusema kweli ilikuwa na nguvu kuliko kadi.

Kigezo cha nne hakikutimia kikamilifu, na hapa ndipo penye kishawishi kikubwa. Alikuwa ameandaa mipango mitatu ya mahitaji ya robo mwaka. Miwili ya kwanza tuliiandaa pamoja, wa tatu aliuandaa peke yake. Katika huo wa tatu vifaa vya aina tatu viliisha kabla robo haijaisha, kwa sababu alikadiria kwa wastani wa mwaka mzima ilhali vifaa hivyo hutumika zaidi katika miezi ya matengenezo. Ningeweza kuandika "ana uzoefu wa kuandaa mipango ya mahitaji" na hakuna ambaye angesema nimedanganya. Lakini kigezo kilisema "bila kusaidiwa." Niliandika: "Kimetimia kwa sehemu. Mpango mmoja ameuandaa peke yake. Aina tatu ziliisha mapema, na sababu ameieleza mwenyewe kwa maandishi. Napendekeza mipango miwili ijayo ipitiwe na mkuu wa ununuzi kabla ya kuidhinishwa."

Naamini kila memo ya kweli ina angalau kigezo kimoja cha namna hii. Ninapoletewa memo ambayo vigezo vyote vimetimia kwa uzito uleule, ninaanza kutafuta dalili. Ya kwanza ni tarehe: kama ushahidi wote ni wa miezi mitatu ya mwisho, msimamizi ameandika anachokikumbuka tu, hakufungua mafaili. Ya pili ni tukio moja kutumika kujibu vigezo vitatu. Ya tatu nimejifunza kuipima kwa kalamu: ninakata kila neno la sifa na kuona kinachobaki. Memo yangu ya kwanza, nilipoikata hivyo, ilibaki na jina lake, cheo chake na tarehe ya kuajiriwa.

Memo ya pili ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, na sentensi ya kwanza kabisa ilitaja cheo anachotoka, anachokwenda na tarehe ya kuanza, ili mjumbe asilazimike kuwinda pendekezo ndani ya aya. Kikaoni niliulizwa maswali mawili tu, yote ya kigezo cha nne. Waliitaka ile karatasi aliyoeleza kwa nini vifaa viliisha. Mwenyekiti aliisoma kimya, akampa wa pembeni yake, naye akasema, "Huyu anajua alipokosea." Walimpitisha kwa sharti lilelile nililoliandika.

Yule mwenzake wa zamu ya jioni tayari nina faili lake. Kadi ile iko ndani, ina tarehe na mwandiko wake.