Kumbusho liandikwe palepale ulipoanzia

Wiki iliyopita nilisaini mkataba usio sahihi, na hasira bado haijanitoka. Aliyeuandaa aliniandikia barua pepe nne ndani ya siku tisa, zote juu ya mkataba huohuo, na kila moja aliianza upya. Ya kwanza ilikuwa na kichwa "Rasimu ya mkataba". Ya pili "Kumbusho", ya tatu "Habari za leo", ya nne "HARAKA TAFADHALI". Kumbe kwenye ile ya tatu, chini ya salamu, ndimo alimoandika kwamba muda wa malipo umebadilika kutoka siku 30 hadi 14, na "ile nakala" mpya ameiambatisha. Nilipoona HARAKA nikatafuta neno "mkataba", ikaja ya kwanza, nikasaini hiyo.

Sawa, nami ningeuliza kabla ya kusaini. Lakini angebofya "Jibu" juu ya barua yake ya kwanza, yote manne ningeyaona mahali pamoja, nakala mpya ikiwa chini ya ile ya zamani.

Kila barua pepe ina namba yake ya utambulisho, `Message-ID`. Ukibofya "Jibu", programu huinakili namba hiyo kwenye mistari ya `In-Reply-To` na `References`, ambayo msomaji haioni, na hiyo ndiyo kamba inayozifunga barua pamoja. Ukianza barua mpya, kamba haipo, hata ukiandika "Re:" kwa mkono wako.

Kuna wanaojibu vizuri kisha wakabadilisha kichwa ili kishtue. Hapo Gmail huikata barua hiyo na kuianzishia mazungumzo mapya, ilhali programu zinazofuata `References` huiacha palepale. Mnabaki watu wawili mnaotazama barua moja katika sehemu mbili tofauti. Kichwa kiacheni! Neno "kumbusho" liwe sentensi ya kwanza ndani ya barua, pamoja na tarehe unayohitaji jibu.

Jambo likiwa jipya kweli, anza barua mpya. Kudandia barua ya zamani kwa ajili ya kupata anwani tu, ukafuta kichwa na kuweka kingine, huificha habari yako ndani ya mambo yaliyokwisha. Nakubali pia kwamba anapoingia mtu mgeni ambaye hapaswi kusoma ya nyuma, kuanza upya ni lazima.

Nimemwomba mwenzangu anitumie marekebisho kwa kuijibu ile "Rasimu ya mkataba", na kwanza aangalie anwani ya mpokeaji, maana programu nyingine ukijibu barua uliyoituma mwenyewe hukuandikia wewe. Nakala nayo aiambatishe tena, kwa sababu "Jibu" haibebi viambatisho. Nitasaini ikifika humo.