Ukiomba namba mpya ya uthibitisho, ile ya kwanza ife au iendelee kuishi?

Mtumiaji anaomba namba ya kuingilia kwenye akaunti. Sekunde 40 zinapita bila ujumbe, anabonyeza "Tuma tena". Mara ujumbe wa kwanza unaingia. Anaandika namba yake na mfumo unamjibu kuwa amekosea. Namba ilifutwa pale alipoomba ya pili, ambayo bado iko njiani.

Wanaotaka namba ya kwanza ife wana hoja. Tarakimu 6 zinatoa namba 1,000,000, na zikiwa hai 5 kwa wakati mmoja, kila kisio la mwizi lina nafasi mara 5. Wa upande wa pili wanajibu kwamba hakuna anayehakikisha ujumbe mfupi utafika kwa zamu, hivyo ukali huo unamwangukia mwenye akaunti. Mimi naona heri kutuma tena namba ileile hadi muda wake uishe, bila kuurefusha. Gharama yake ni kwamba seva lazima iweze kuisoma namba hiyo tena, kwa hiyo itunzwe kwa usimbaji unaofunguka.

Vyovyote utakavyoamua, jaribio ninalolithamini kuliko yote ni hili: kosea mara 4 kati ya 5 zinazoruhusiwa, bonyeza "Tuma tena", kisha kosea mara 2. Kosa la kwanza kati ya hayo lilipaswa kumaliza nafasi, na la pili kukuta mlango umefungwa. Ukiruhusiwa kuendelea, hesabu ya makosa imefungwa kwenye namba badala ya akaunti. Kama kutuma tena kunaruhusiwa kila sekunde 30 bila kikomo, mwizi anapata visio 14,400 kwa siku, yaani nafasi ya takriban asilimia 1.4 kwa akaunti moja. Lakini kuifunga akaunti moja kwa moja nako kunampa mtu yeyote anayejua namba yako ya simu uwezo wa kukufungia nje. Kufunga kwa dakika chache, na kuweka kikomo cha kutuma tena, kunapunguza madhara yote mawili.

Muda wa kuisha ni rahisi kupima: sogeza saa ya seva, ujaribu sekunde 299 na 301 ikiwa muda ni dakika 5. Mwongozo wa SP 800-63B wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, unaweka ukomo wa dakika 10.

Namba iliyokwisha kutumika inahitaji uangalifu zaidi. Ukiirudisha baada ya kuingia, mifumo mingi itaikataa. Tuma basi maombi 2 kwa wakati mmoja yenye namba sahihi. Msimbo unaosoma kwanza halafu kuandika unaweza kuyakubali yote mawili. Tiba ni kuangalia na kuandika kwa hatua moja:

```sql
UPDATE otp SET used_at = now()
WHERE id = 42 AND used_at IS NULL;
```

Ombi lililobadilisha safu 1 linaingia. Lililobadilisha 0 linakataliwa. Na kama umechagua kutuma namba ileile, jaribu pia kubonyeza "Tuma tena" baada ya kufanikiwa: hapo lazima ije mpya.