Mediani iingie au ibaki nje? Robo za data chache na vitabu visivyokubaliana

"Data zilikuwa tisa. Nimeandika robo ya kwanza ni 18, mwalimu amesahihisha kuwa 16, na pembeni ameandika kwamba nimehesabu mediani mara mbili. Kitabu nilichosomea kinatoa 18. Nani amekosea?"

Katika hesabu, hakuna. Kila mmoja amefuata kanuni ya kitabu chake. Lakini kwa data hizi hasa, aliyekatwa maksi ana hoja nzito kuliko inavyodhaniwa.

Data zenyewe ni dakika ambazo watu tisa walitumia kumaliza kazi moja, nazo zikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa ni 12, 14, 18, 19, 20, 22, 23, 27, 36. Mediani haina ugomvi: ni ya tano, yaani 20. Ugomvi unaanza tukitaka kupata nusu ya chini na nusu ya juu, kwa sababu tisa haigawanyiki kwa mbili. Ile 20 tuifanyeje?

Kambi ya kwanza inaiacha nje. Nusu ya chini inabaki 12, 14, 18, 19, na robo ya kwanza, Q1, ni katikati ya 14 na 18, yaani 16. Upande wa juu zinabaki 22, 23, 27, 36, na robo ya tatu, Q3, ni 25. Masafa kati ya robo, yaani Q3 ukitoa Q1, ni 9. Kambi ya pili inaiingiza 20 katika nusu zote mbili. Kila nusu inakuwa na data tano, ya katikati inachukuliwa kama ilivyo, na tunapata Q1 = 18, Q3 = 23, masafa 5. Data ni zilezile, lakini jibu moja linakaribia mara mbili ya lingine.

Lawama kubwa dhidi ya kambi ya pili ni hiyo ya kuhesabu namba moja mara mbili, na inasikika kuwa na nguvu mpaka uulize robo ni kitu gani. Maana yake ya msingi haisemi lolote kuhusu nusu. Robo ya kwanza ni thamani ambayo angalau asilimia 25 ya data ziko sawa nayo au chini yake, na angalau asilimia 75 ziko sawa nayo au juu yake. Kugawa data nusu mbili ni njia ya mkato ya kuifikia thamani hiyo kwa mkono, basi.

Tupime majibu yote mawili kwa maana hiyo. Zilizo 18 au chini yake ni tatu kati ya tisa, asilimia 33. Zilizo 18 au zaidi ni saba kati ya tisa, asilimia 78. Masharti yote mawili yametimia. Sasa 16: zilizo juu yake ni saba, hapo hakuna tatizo, lakini zilizo chini yake ni mbili tu, 12 na 14, ambazo ni asilimia 22. Sharti la kwanza limevunjika. Yaani jibu la mwalimu linaitwa robo ilhali chini yake hakuna hata robo ya data, na jibu lililokatwa maksi ndilo pekee linalotimiza masharti yote mawili.

Kuna jambo jingine katika data hizi ambalo napenda kila anayefundisha mada hii alitazame kwa makini. Chora mchoro wa kisanduku kwa kila kanuni, yaani kisanduku kinachoanzia Q1 na kuishia Q3, kisha uhesabu data zilizomo ndani yake. Kutoka 16 hadi 25 zimo 18, 19, 20, 22 na 23. Kutoka 18 hadi 23, ukijumlisha kingo zenyewe, zimo 18, 19, 20, 22 na 23. Ni watu watano walewale! Kisanduku cha kwanza kina urefu wa 9 na cha pili 5, lakini hakuna aliyeingia wala aliyetoka. Dakika nne za ziada zote ni nafasi tupu: mbili upande wa chini kati ya 16 na 18, mbili upande wa juu kati ya 23 na 25. Anayesema kwamba kanuni ya kuacha mediani inaonyesha mtawanyiko wa data kwa uhalisia zaidi anapaswa kueleza ni data gani iliyoko kwenye nafasi hizo.

Nafasi hizo tupu zina matokeo. Kanuni ya kawaida ya kutambua thamani iliyokaa mbali na wenzake ni kuzidisha masafa kati ya robo kwa 1.5, kisha kujumlisha na Q3 au kutoa kwenye Q1. Kwa kuingiza mediani, mpaka wa juu ni 23 + 7.5 = 30.5, na yule aliyetumia dakika 36 anawekewa alama kwamba yuko mbali. Kwa kuiacha nje, mpaka ni 25 + 13.5 = 38.5, na mtu huyohuyo anahesabiwa wa kawaida. Mchambuzi mmoja atarudi kuangalia kama kipimo chake kiliandikwa vibaya, mwingine atasonga mbele bila kushtuka, na kilichowatenganisha ni ukurasa wa kitabu tu. Tena kile kipimo cha 1.5 kilikuja na kanuni yake ya robo. John Tukey, aliyekieneza pamoja na mchoro wa kisanduku katika kitabu chake cha 1977, alihesabu kingo za kisanduku kwa kuiingiza mediani katika nusu zote mbili. Anayechukua 1.5 yake na kuiunganisha na robo za kambi nyingine anatumia mpaka mpana kuliko ule aliouweka Tukey.

Hata hivyo, kambi ya kwanza ina hoja moja ambayo haiwezi kupuuzwa, na bahati mbaya ndiyo isiyofundishwa sana. Ikiwa watu tisa ni sampuli tu ya kundi kubwa, swali linabadilika: tunakisia robo za kundi zima. Ukichukua watu tisa kwa bahati nasibu, kwa wastani wanaligawa kundi katika mapengo kumi yaliyo sawa, kwa kuwa juu ya mkubwa wao wapo wakubwa zaidi na chini ya mdogo wao wapo wadogo zaidi. Kwa hiyo chini ya mtu wa tatu ipo, kwa wastani, asilimia 30 ya kundi, na chini ya mtu wa saba ipo asilimia 70. Kisanduku cha 18 hadi 23 kinakisiwa kubeba asilimia 40 ya kundi, si 50. Nafasi ya 2.5 na ya 7.5, ambazo ndizo zinazotoa 16 na 25, zinalenga asilimia 25 na 75 kwa karibu zaidi. Huko ndiko ilikotoka fomula ya nafasi ya Q1, (n + 1)/4, n ikiwa idadi ya data.

Hoja hiyo naikubali bila kinyongo, ila ni hoja kuhusu ukisiaji. Swali la darasani huwa linasema "tafuta robo za data hizi", na data hizi ni tisa, hazina kundi nyuma yake. Na hata anayekisia hana sababu ya kuona fomula hiyo ndiyo ya mwisho. Mwaka 1996 Rob Hyndman na Yanan Fan walilinganisha njia tisa zinazotumiwa na programu za takwimu, wakapendekeza moja ambayo kwa data tisa inaweka Q1 kwenye nafasi ya 2.67, kati ya kambi hizi mbili.

Utetezi wangu nao una mpaka, na mpaka huo ni idadi ya data. Zikiwa 11, kuingiza mediani kunatoa nusu ya data sita, na Q1 inaangukia kati ya data ya tatu na ya nne. Juu yake zinabaki nane kati ya 11, asilimia 73, pungufu ya zile 75 zinazotakiwa. Kuiacha nje kunatoa data ya tatu yenyewe, na masharti yote yanatimia. Kwa hiyo gawa idadi ya data kwa nne: ikibaki moja, kama 5, 9 au 13, kuingiza ndiko kunakotimiza maana ya robo, ikibaki tatu, kama 7, 11 au 15, ni kuiacha. Idadi ikiwa shufwa, kambi zote mbili za kugawa nusu zinatoa jibu moja, na jibu hilo linatimiza maana. Darasa linalokariri kanuni moja kwa idadi zote litakuwa sahihi kwa baadhi ya data na si kwa nyingine, kambi yoyote ile.

Kompyuta haimalizi shauri hili. Katika Excel, `QUARTILE.INC` inatoa 18 na 23, `QUARTILE.EXC` inatoa 16 na 25. Hata ndani ya Python moja:

```
import statistics, numpy
d = [12, 14, 18, 19, 20, 22, 23, 27, 36]
statistics.quantiles(d, n=4)       # 16, 20, 25
numpy.percentile(d, [25, 50, 75])  # 18, 20, 23
```

Ukitaka kujua kifaa chako kinafuata nini, kipe kwanza 1, 2, 3, 4, 5. Kikikupa Q1 = 2, kiko upande wa kuingiza; kikikupa 1.5, kiko upande wa kuacha. Kisha kipe 1 hadi 6. Kinachogawa nusu kwa kawaida kitajibu 2. Kinachotumia fomula za nafasi kitajibu 2.25 kikiwa cha aina ya `QUARTILE.INC`, au 1.75 kikiwa cha aina ya `QUARTILE.EXC`. Hapo utaelewa kwa nini jibu la mkono na la kompyuta hutofautiana hata pale mediani isipokuwa na ugomvi wowote.

Turudi kwenye maksi. Mtihani unaotaja kanuni yake ndani ya swali una haki ya kuidai, na wanaotaka kanuni moja ya usahihishaji hawana kosa, kwa sababu karatasi nyingi haziwezi kusahihishwa kila moja kwa kitabu chake. Swali lisiloitaja halina haki hiyo. Hapo msahihishaji aangalie kama mwanafunzi ametumia kanuni moja kwa Q1 na Q3 zote mbili. Aliyepata 18 chini na 25 juu amechanganya, na huyo ndiye wa kukatwa. Na anayeripoti masafa ya data tisa aandike 5 pamoja na maneno "mediani imeingizwa", kisha ataje kwamba ikiachwa nje ni 9 na ile 36 haiwi tena nje ya mpaka.