Mkato wa jiko hauna mwenyewe

Mwezi uliopita nilikuwa Kamukunji, Nairobi, kwa mafundi wa bati. Mzee mmoja akaniambia jirani yake amemwibia jiko. Nikashangaa, maana jiko lenyewe lilikuwa miguuni pake, limeshapakwa rangi.

"Si hili hapa, mzee?"

"Sisemi bati, kijana wangu. Ameniibia mkato."

Alikuwa ameongeza ukingo mdogo wa kushikilia sufuria isiteleze. Haikupita wiki, ukingo uleule ukaonekana kwenye kibanda cha tatu kutoka kwake.

Mzee alikuwa na haki ya kukasirika, ila neno "kuiba" halikai vizuri hapo. Bati akilichukua jirani, mzee hana bati. Mkato wanautumia wote wawili, saa ileile, na haupungui. Juu ya tofauti hiyo ndipo Paul Romer alipojenga makala yake ya 1990, iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2018. Kabla yake, mwanauchumi Robert Solow alikwisha kuonyesha mwaka 1956 kwamba kulimbikiza mitaji peke yake hakufiki mbali: fundi mpe nyundo ya pili itamfaa, ya tano itakaa kwenye sanduku. Kinachoendeleza ukuaji miaka nenda miaka rudi ni ujuzi mpya. Lakini kwa Solow ujuzi ulikuwa kama mvua, unanyesha tu. Romer akasema hapana, unazaliwa ndani ya uchumi wenyewe, na watu wanaotafuta faida.

Jiko lenyewe la mzee ni ushahidi. Jiko la kauri la Kenya lilitokana na jiko la ndoo la Thailand, likabadilishwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980: kiuno kikabanwa, kauri ikawekwa nusu ya juu tu, bati likabaki kazi ya mafundi wa jua kali. Baadaye likaonekana Uganda, Tanzania na Rwanda. Thailand haikupungukiwa na jiko hata moja.

Sasa tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme fundi ametumia shilingi 400,000 kujaribu na kuharibu mpaka akapata jiko zuri. Kila jiko linamgharimu 800 kwa bati, udongo na vibarua. Akiuza 1,000 anapata 200, kwa hiyo lazima auze majiko 2,000 ndipo gharama ya majaribio irudi. Jirani hana deni hilo. Ananunua jiko moja, analifungua, kesho anauza kwa 820. Mnunuzi amefurahi, na fundi wetu hatajaribu tena.

Kwa hiyo soko lenye ushindani mkali linasambaza wazo upesi, lakini halimlipi aliyelibuni. Jibu la kawaida ni hataza: mwenye wazo apewe ulinzi wa miaka kadhaa auze kwa bei ya juu. Kwa dawa mpya naielewa. Kwa jiko la makaa naikataa. Nani atazunguka vibanda vyote kukagua kingo? Na kila jiko linalozuiwa ni mtu mmoja zaidi anayeendelea kuchoma makaa mengi pasipo sababu. Jiko hili lilienea kwa sababu majaribio na mafunzo ya mwanzo yaligharimiwa na wafadhili na mashirika, kisha mafundi wakaachwa waigane. Naona huo ndio mpangilio unaofaa: gharama ya kubuni ilipwe na mfuko wa wote, kuiga kuwe huru.

Ila kuiga nako kuna mpaka wake. Umbo la bati linaonekana kwa macho, moto wa tanuri hauonekani. Majiko mengi ya kuigwa yana kauri isiyoiva, inapasuka baada ya muda mfupi. Mzee alinionyesha namna ya kuijua: igonge kwa kifundo cha kidole. Iliyoiva inalia kama kikombe, mbichi au yenye ufa inatoa sauti ya kufa. Ujuzi wa namna hii hausafiri kwa kutazama, unasafiri kwa kukaa pamoja, na ndiyo maana mafundi wanabanana mtaa mmoja ingawa wanagombea wateja walewale.

Kuna kasoro pia katika hesabu za Romer. Kwake, kila wazo lililopo linarahisisha lijalo, kwa hiyo watafiti wakiongezeka, kasi ya ukuaji nayo iongezeke. Mwanauchumi mwingine, Charles Jones, alimjibu mwaka 1995: Marekani imezidisha watafiti wake mara kadhaa tangu miaka ya 1950, na ukuaji wa kipato haukupanda nao. Mawazo rahisi yanachumwa kwanza. Mimi niko na Jones, ingawa kwa nchi ambayo bado ina mengi ya kuiga, tatizo lake halijatufikia.

Wakati naondoka nilimwona mzee kwenye kibanda cha jirani. Alikuwa amelipindua jiko la mwenzake, anahesabu matundu ya kupitisha majivu.