Shingo haina kosa, uso ndo uliokimbia

Mie nashona nguo za kike hapa Lamu, na mtu akija kupimwa lazima ushungi uvuliwe, kwa hivyo shingo za watu nimeziona nyingi mno. Na kuna jambo naliona karibu kila wiki hadi laniuma. Mtu usoni ni maji ya kunde, ukishuka chini ya taya tu rangi yabadilika kama umevuka mtaa, alafu yeye mwenyewe ailaumu shingo. Ati shingo imekuwa nyeusi. Ataka kola ndefu ya kuifunika, na akitoka hapa aenda dukani kutafuta kitu cha kuing'arisha ifanane na uso. Mie nasema hapo ndo tunapokosea, manake mara nyingi shingo iko vile vile ilivyokuwa, ni uso ndo umeondoka ukaiacha.

Wifi yangu ndo alonifanya nikae niandike haya. Alikuja mwezi wa kumi na moja, harusi ya mpwa wake ilikuwa mwezi wa pili, na mwajua kwenye kupamba wanawake wako peke yao, buibui zote zavuliwa, shingo yako iko wazi mbele ya mji mzima na taa kali. Akaniambia, "Wifi, nishonee kitu kinifiche hii shingo, yantia haya, na hii mistari nayo kila mwaka yazidi."

Sikuchukua hata tepu ya kupimia, nkamtoa uani kwenye mwanga wa jua lakini kivulini, si chini ya balbu, balbu hudanganya rangi. Nkamwambia atazame sehemu nne: nyuma ya sikio, ndani ya mkono juu ya kiwiko, kifuani chini ya nguo, na shingoni. Hizo tatu za mwanzo ni sehemu ambazo jua haliziguzi sana na krimu haifiki, na kwake zote nne zilikuwa rangi moja. Uso peke yake ndo ulokuwa mbali. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Kwa hivyo hii shingo ndo mie."

Ndiyo. Shingo ndo yeye.

Nilipomuuliza apaka nini akatoa kopo dogo alilouziwa, halina orodha ya vilivyomo, lina picha ya mwanamke tu. Kopo kama hilo mtu hawezi kujua lina nini, lakini vinavyopatikana mara kwa mara kwenye krimu za kung'arisha ni haidrokwinoni, zebaki, au dawa za steroidi kama klobetasoli. Haidrokwinoni ukiitumia muda mrefu yaweza kugeuka ikakuletea madoa meusi ya kibluu yasotoka. Zebaki huingia mwilini na figo ndo hulipa. Na steroidi, hii ndo inayohusu shingo hasa, hupunguza unene wa ngozi. Sasa ngozi ya shingo tangu asili ni nyembamba na haina tezi nyingi za mafuta kama uso, ndo maana hukauka upesi na kukunjana upesi. Ukichukua krimu ya steroidi ukaiteremsha shingoni ili ifanane na uso, waipunguza ngozi ambayo tayari ni nyembamba, na ile mistari unayotaka kuificha waizidisha kwa mkono wako mwenyewe. Wifi alikuwa ashaanza kuiteremsha, miezi miwili hivi, ila rangi ya shingo ilikuwa haijabadilika bado.

Hakuiacha kwa siku moja pia. Mtu alozoea steroidi usoni akikata ghafla uso waweza kuwaka, ukawa mwekundu wenye vipele na kuwasha, akaogopa akairudia, na huo ndo mtego wenyewe. Alienda kwa daktari wa ngozi na kopo lake mkononi, akapangiwa kupunguza pole pole. Ukitumia hizi krimu, kopo usilitupe kabla daktari hajaliona.

Kutoka hapo tulifanya machache tu. Asubuhi huosha uso na shingo pamoja kwa sabuni isiyo kali, kwa viganja, si kwa dodoki, manake kusugua ngozi yetu hii huifanya itoe rangi zaidi, weusi wa shingo za watu wengi ni wa kusugua na wa mtandio uliobanwa na pini siku nzima kwenye jasho. Alafu sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, SPF 30 kwenda juu. Kiasi ni mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati, toka mwanzo wa kidole hadi nchani, na hiyo ni ya uso NA shingo, wengi hupaka yote usoni ikaishia kwenye taya. Sisi tuko digrii 2 tu kusini ya ikweta, na jua la Lamu hurudi toka majini na kwenye mchanga, ukipanda boti kwenda Mokowe hata ukiwa umefunika kichwa lakupata chini ya kidevu. Achague ile yenye rangi ya kahawia, kwanza haiachi weupe wa majivu, pili ile rangi yake ni oksidi ya chuma ambayo huzuia na mwanga wa kawaida unaotia madoa ngozi nyeusi. Usiku krimu ya niasinamaidi asilimia 5, ambayo ni vitamini B3 ya kupaka, alafu mafuta yake ya kawaida ngozi ikiwa bado na unyevu. Basi.

Liwa nayo hakuacha, na mie sioni ubaya, liwa na marashi ya waridi kwa mpako mwepesi hupoza ngozi. Ila usiingoje ikakauka hadi ikapasuka ukaibandua kwa kusugua. Kitu ninachokikataa kabisa ni ndimu. Kuna wanaosugua shingo kwa ndimu kisha watoka juani, na maji ya ndimu yana kitu kikikutana na jua huunguza, siku kadhaa baadaye wapata mchirizi mweusi ule ule ndimu ilikopita na hukaa wiki hata miezi. Manukato mengine pia hufanya hivyo, haswa yenye mafuta ya jamii ya ndimu na machungwa, nyunyizeni kwenye nguo.

Tena kuna weusi ambao si wa krimu wala wa jua. Ukiona shingo nyuma na pembeni imekuwa nyeusi na nene, ukiigusa ni kama mahameli, haitoki ukiosha, na kwapani pia iko vivyo hivyo, hiyo mara nyingi ni dalili ya mwili kushindwa kuitumia insulini vizuri. Nenda ukapimwe sukari. Nshamwambia mteja hivyo nikiwa na tepu shingoni mwake na hakupenda, lakini alienda.

Sasa mistari. Hapa lazima tutofautishe. Ile mistari miwili mitatu iliyolala ikizunguka shingo, wengi wetu tumezaliwa nayo, na bibi zetu wakiiita shingo ya pingili wakaisifu kama uzuri, hata watoto wachanga wanayo. Wifi alikuwa na miwili, kwenye picha yake ya harusi iko, amesahau tu. Hiyo hakuna krimu ya kuifuta na mie sioni kwa nini ifutwe. Mistari mipya ni ile midogo midogo iliyokwaruzana kama karatasi iliyokunjwa, na hiyo ni ya ukavu, jua na ngozi kupungua, hiyo ndo ile iliyolegea baada ya miezi mitatu ya mafuta na sanskrini. Haikuisha, ilipungua kuonekana.

Lakini harusi ni harusi na alitaka isionekane, ni haki yake, basi tukaja kwenye mkufu. Alikuwa na mkufu wa marehemu mamake, dhahabu, mwembamba, sentimita 40. Alipouvaa ukaenda ukatumbukia sawasawa ndani ya mstari wa chini na kukaa hapo, ukang'aa, yaani ni kama mtu ameuchora ule mstari kwa kalamu ya dhahabu. Hili kosa naliona mno. Mkufu mwembamba unaokaa usawa wa mstari huuonyesha. Una njia mbili tu, ama uufunike mstari wote kwa kidani kipana kilicholala bapa, ama ulishushe jicho chini yake kabisa. Kidani kipana hakikumfaa manake shingo yake ni fupi na kingeila yote. Tukampelekea sonara akauongeza kipande cha sentimita 10 kwa nyuma ambako hakuonekani, ukawa 50, ukashuka chini ya mitulinga na kile kipande chake cha kuning'inia kikakaa kifuani. Jicho likashuka nacho. Nliona tofauti nikiwa mlangoni.

Kitu kingine, akivaa mkufu wa bandia wa kununua sokoni ngozi humwasha, na huacha doa jeusi palipogusa. Hiyo ni nikeli. Mtu wa hivyo asivae hata saa moja, doa la kuwashwa kwenye ngozi yetu huchukua miezi kutoka.

Kola ndo kazi yangu na hapa nna msimamo. Alitaka kola ya kusimama, imbane hadi kidevuni, nkamkatalia. Kola inayobana mwezi wa pili, joto likiwa kali, ndani hakuna upepo, ni jasho na msuguano usiku kucha, na shingo fupi ndani ya kola ndefu hupotea, kichwa kikakaa juu ya mabega. Tena kola ikiishia katikati ya shingo, ukingo wake wenyewe ni mstari mwengine. Nlimshonea kola ya kusimama ya sentimita 3 kwa nyuma na pembeni, haigusi ngozi, nimeiacha nafasi ya kuingia kidole, na mbele ikafunguka kwa shingo ya V ikishuka sentimita 8 chini ya kile kishimo cha koo. Ile V hurefusha shingo na kola pembeni hutia kivuli pale mistari inapoanzia. Shingo ya duara iliyobana, ile ya madera mengi, kwa mtu mwenye mistari ndo mbaya zaidi, huizungushia duara jengine.

Fandesheni tuliichagua kwa kuipaka shingoni, si usoni, usoni ikapakwa ile ile. Kufikia Februari uso ulikuwa ushaanza kurudi, bado kidogo, na fandesheni ikamaliza. Shingoni safu nyembamba tu, na poda kidogo sana, manake poda hujaa kwenye mistari na jasho likija yapasuka ikawa nyuzi nyeupe. Akangoja dakika 10 ikauke ndo akavaa nguo, kola yenyewe ilikuwa rangi ya maziwa, na ile nguo alinirudishia juzi niipunguze kiunoni, nkaitazama kolani ndani. Safi.