Nani anaipasua Afrika Mashariki: mvuto wa mbali au moto wa chini?

"Kama mabamba huvutwa na sehemu inayozama kwenye mtaro wa bahari, Afrika inavutwa na nini?" Hilo ni swali la mwanafunzi wa kidato cha nne, na limewagawa wanajiolojia kwa miongo kadhaa.

Vitabu vya jiografia huipanga mipaka ya mabamba kwa mwendo wake. Mabamba yakiachana, ardhi ya kati hudidimia na kuwa bonde la ufa. Bara likigonga bara, hakuna linalokubali kuzama, basi tabaka za mwamba hujikunja na kuinuka kuwa milima kunjamano kama Himalaya. Bamba la chini ya bahari likikutana na bara huzama, na pale linapopinda ndipo hutokea mtaro. Likifika kina cha kilomita mia hivi, maji yaliyokuwa yamefungwa ndani yake hupanda na kuufanya mwamba wa juu uyeyuke kwa urahisi zaidi, na volkano zikajipanga sambamba na mtaro, kama zilivyojipanga Sumatra na Java. Yote hayo ni kweli, ila yanaeleza mwendo tu. Kinachosukuma hakitajwi.

Jibu ambalo wengi wanalikubali ni kwamba mtaro ndio injini. Bamba la bahari hupoa kadiri linavyozeeka, huwa zito kuliko mwamba ulio chini yake, na sehemu iliyokwisha kuzama hulivuta lililobaki. Ushahidi wake ni mwepisi kuuona: bamba la Pasifiki, ambalo upande wake wa magharibi unazama kwenye mitaro mirefu ukiwemo ule wa Mariana wenye kina cha karibu kilomita 11, husogea kwa sentimita kadhaa kila mwaka. Afrika haifikii kasi hiyo. Ukiizunguka kwenye ramani utaona sababu. Magharibi, kusini na mashariki imepakana na safu za milima ya chini ya bahari ambako sakafu mpya inazaliwa na kuisukuma kwa ndani. Inazama mahali padogo tu, huko Mediterania karibu na Ugiriki. Bara lililobanwa pande tatu lilitakiwa kubanana. Hili letu linachanika kuanzia Afar, kaskazini mashariki mwa Ethiopia, hadi Msumbiji.

Wanaotetea mvuto wa mbali hawajakosa hoja, na hoja yao bora iko Uarabuni. Zamani Uarabuni ilikuwa sehemu ya Afrika. Kaskazini yake kulikuwa na bahari iliyokuwa ikizama chini ya Iran, na bahari hiyo iliposhuka ililivuta bara lililoungana nayo. Bara likakatika, nyuma yake zikafunguka Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, na mbele yake Uarabuni ikaigonga Iran na kukunja milima ya Zagros. Kuvuta hakujaisha: katika Ghuba ya Oman, nje ya pwani ya Makran, sakafu ya bahari bado inazama, na mwezi Novemba 1945 ilileta tetemeko kubwa na tsunami. Hapo bonde la ufa, milima kunjamano na mtaro ni sehemu za mwendo mmoja. Kwa Uarabuni ninaikubali hoja hiyo bila taabu.

Tatizo ni kuishusha kusini. Uarabuni ilipokwisha kujitenga, mvuto wake haukuwa na pa kuishika Kenya wala Tanzania. Hata hivyo vipimo vya setilaiti vinaonyesha bamba la Somalia, lililobeba mashariki ya bara, likiachana na la Nubia, lililobeba sehemu kubwa iliyobaki, kwa milimita sita au saba kwa mwaka huko Ethiopia, na mwendo huo unapungua kadiri unavyoelekea kusini, hadi kama milimita tatu kaskazini mwa Tanzania.

Upande wa pili ndipo unapoingia na moto wa chini. Mawimbi ya matetemeko hupungua kasi yakipita kwenye mwamba wa moto, na kwa kuyapima wanasayansi wamechora eneo kubwa la mwamba wa namna hiyo linaloanzia juu ya kiini cha dunia, chini ya kusini mwa Afrika, na kupanda likiinamia kaskazini mashariki. Eneo hilo ndilo linaloinua nyanda za juu za Ethiopia na Afrika Mashariki, na ardhi iliyoinuliwa hutaka kutawanyika pembeni kwa uzito wake yenyewe. Lava na gesi za Ethiopia, na hata za Rungwe karibu na Mbeya, zina heliamu ya aina ambayo kwa kawaida huhusishwa na vilindi vya koti la dunia. Mpangilio wa matukio nao unawaunga mkono: lava iliyoifunika Ethiopia kwa unene unaofikia kilomita mbili ilimwagika miaka milioni 30 hivi iliyopita, wakati bonde kuu la ufa la nchi hiyo lilikuja kufunguka baadaye sana. Kama kuvutwa kungekuwa ndiko kulikoanza, tungetarajia ufa kwanza, lava baadaye.

Lakini hata huo msukumo hautoshi peke yake. Ukipiga hesabu, nguvu itokayo kwenye nyanda zilizoinuka ni ndogo kuliko ile inayohitajika kukata bara zima lililopoa. Kinachoziba pengo ni magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi. Ikipenya katika ufa huusukuma kwa shinikizo lake na kupasha kingo zake joto, na mwamba ambao usingekatika kwa kuvutwa hupasuliwa kwa ndani.

Hilo lilionekana waziwazi mwaka 2007 karibu na Ziwa Natron. Katikati ya Julai matetemeko mengi yalianza chini ya mlima Gelai, na lile la tarehe 17, la ukubwa wa 5.9, liliwatoa watu nje hadi Nairobi. Setilaiti za rada, zinazoweza kugundua ardhi iliyosogea kwa sentimita chache, zilisimulia mfuatano wenyewe. Kwanza ufa ulioinama uliteleza polepole, bila kishindo kinacholingana na mwendo wake. Baadaye magma ilipanda na kuganda ikiwa ukuta wima chini ya ardhi, wenye urefu wa kilomita kadhaa na unene wa kama mita mbili, bila hata tone kufika juu. Mapema Septemba Ol Doinyo Lengai jirani yake ukaanza kulipuka kwa majivu. Sasa linganisha: kwa milimita tatu kwa mwaka, mita mbili ni kazi ya zaidi ya miaka 600, na hapo ilifanyika ndani ya wiki chache. Ukipima bonde hilo katika mwaka wa kawaida utadhani halifanyi lolote. Huko Afar, Septemba 2005, ukuta wa aina hiyo ulifungua kilomita 60 za ardhi, na mahali pengine upana ulifika mita nane.

(Ule ufa wa Mai Mahiu wa Machi 2018, uliotangazwa duniani kote kwamba Afrika inagawanyika, ni kitu kingine. Mvua kubwa zilikuwa zimenyesha juu ya majivu laini ya volkano, na wanajiolojia wengi waliona ni maji yaliyochimba njia chini kwa chini hadi ardhi ya juu ikaporomoka. Ardhi ikipasuka kweli, matetemeko na vipimo vya setilaiti hutoa taarifa. Mai Mahiu havikutoa.)

Hadi hapa ningesema upande wa moto umeshinda, kama si tawi la magharibi la bonde hili, linalopita Ziwa Tanganyika. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, na chini ya maji kuna kilomita kadhaa za mashapo, kwa hiyo ardhi imedidimia sana. Volkano ziko wapi? Ziko Virunga na Kivu upande wa kaskazini, na Rungwe kusini mashariki, lakini katika mamia ya kilomita za ziwa lenyewe huoni hata moja. Matetemeko ya tawi hili hutokea hata kwenye kina cha kilomita 30 na zaidi, na mwamba wa kina hicho hauwezi kukatika ghafla kama ulikuwa umelainishwa na joto. Huko chini bado kumepoa na ni kugumu. Rwenzori nayo, yenye mita 5,109, si volkano kama wengi wanavyodhani. Ni bonge la mwamba wa kale lililoinuliwa kati ya nyufa. Isitoshe, mashapo ya Rukwa yana majivu ya volkano ya miaka milioni 25 hivi, kwa hiyo hadithi nyepesi kwamba ufa ulitembea kutoka kaskazini kuja kusini na kutoka mashariki kwenda magharibi haikai sawa.

Watetezi wa magma hujibu kwamba huenda ipo kina kirefu na haijapanda. Inawezekana, ila jibu hilo ni rahisi mno: magma ikikosekana juu tunaambiwa imejificha chini. Mimi naona maelezo mazuri zaidi yako kwenye ramani ya miamba ya kale. Katikati ya Tanzania kuna bamba dogo la mwamba wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, lenye mzizi mnene na mgumu. Ufa ulipofika hapo haukulikata, uliligawanyikia pande mbili. Tawi la mashariki likafuata maungio ya milima ya kale iliyokwisha kumomonyoka, ile ya ukanda uitwao wa Msumbiji, la magharibi likafuata yale ya Ubende, ukanda mwingine wa miamba ya kale magharibi mwa Tanzania. Nguo huchanikia penye mshono hata kama aliyeivuta hakuchagua mshono huo. Kwa hiyo moto wa chini ndio unaotoa sehemu kubwa ya nguvu, lakini haukuchagua njia, na upande wa magharibi udhaifu wa kurithi umefanya kazi ambayo mashariki inafanywa na magma.

Tofauti hiyo ina uzito kwa wanaoishi juu ya mabonde haya. Penye magma, mwamba huachia mapema na mara kwa mara, na hatari kubwa ni mlipuko, ambao wakati mwingine hutanguliwa na dalili. Si kila mara: Nyiragongo ilipotoa lava jioni ya Mei 22, 2021, mitambo ilikuwa imenasa matetemeko ya onyo kwa chini ya saa moja tu, na siku zilizofuata magma ikapita chini ya Goma kuelekea Ziwa Kivu bila kutokeza juu. Pasipo na magma, nyufa ndefu hukaa kimya huku zikilimbikiza mkazo katika mwamba mgumu. Ndiyo maana tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, lililokadiriwa kuwa la 7.4, na lile la Ziwa Tanganyika la Desemba 5, 2005, la 6.8, yote yametokea upande usiokuwa na moshi. Anayejenga Sumbawanga au Kalemie asijipime hatari kwa kuangalia volkano iliyo karibu.