Slaidi zenye maneno machache zisomwe kwenye viungo vyake

Wasilisho la semina likitumwa kwenye kundi la WhatsApp bila mtoa mada wake, wengi hulisoma kwa namna moja tu: slaidi ya kwanza inasema hivi, ya pili inasema vile, mpaka ya mwisho. Wakikuta picha moja na neno moja, hulinakili lile neno kwenye muhtasari na kusonga mbele. Mwisho wanabaki na orodha ya vichwa, na hoja haimo. Kwa maoni yangu, kosa ni kuitafuta hoja mahali isipokaa. Slaidi zikiwa na maneno machache, hoja hukaa baina ya slaidi na slaidi, pale ambapo mtoa mada alikuwa akisema "sasa basi" huku akibonyeza kitufe. Hayo maneno yake yamepotea, ila mpangilio aliouchagua bado upo, na mpangilio ni shahidi mzuri kuliko vichwa vyenyewe.

Nitaonyesha kwa mfano nilioutunga, wa aina inayojulikana sana huku kwetu: wasilisho la slaidi 12 kuhusu sumukuvu kwenye mahindi. Vichwa vyake ni hivi:

1. Mahindi Salama
2. 2004
3. Sumu inaingilia wapi?
4. Shambani
5. Uani
6. Ghalani
7. 13.5%
8. Turubai
9. Mfuko usiopitisha hewa
10. Gharama
11. Nani analipa?
12. Msimu ujao

Slaidi ya 4 mpaka ya 6 zina picha tu: mahindi yaliyonyauka kwa ukame, mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo, magunia yaliyoegemezwa ukutani. Ya 10 ina jedwali dogo la bei ya turubai na bei ya mfuko. Basi.

Kazi ya kwanza ni kuandika vichwa hivyo kwenye karatasi, kimoja kila mstari, na kuacha nafasi katikati. Kisha katika kila nafasi jaribu kuweka neno la kuunganisha: kwa hiyo, lakini, kwa sababu, yaani, kwa mfano, na pia. Usiweke la kwanza linalokujia. Weka lile ambalo ukilibadilisha, mtiririko unaharibika. Ukiona "na pia" ndiyo pekee inayoingia, hapo hakuna hatua ya hoja, kuna orodha. Njia ya kuhakikisha ni kuzibadilishana nafasi zile slaidi mbili kichwani. Kama hakuna kilichovunjika, ni orodha. Kama maana imegeuka, umeshika kiungo.

Anza na swali la slaidi ya 3. Kichwa cha swali ni bawaba: slaidi zinazofuata ni jibu lake mpaka pale aina ya kichwa inapobadilika. Shambani, Uani na Ghalani ni majibu matatu, yamepangwa kwa safari ya punje kutoka kwenye bua hadi kwenye gunia. Ukiyabadilishana, safari inavurugika lakini hoja haijaguswa. Kwa hiyo hapo mtoa mada bado hajachagua upande, anaorodhesha tu. Msomaji wa haraka huishia hapa na kuandika kwamba "sumu huingia katika hatua tatu". Hilo limo kweli kwenye slaidi, ila siyo hoja.

Uchaguzi unafanyika kwenye slaidi ya 7, yenye namba peke yake. Kusoma namba isiyo na maelezo kunahitaji kuijua fani, na hapo hakuna njia ya mkato. Katika viwango vya Afrika Mashariki, 13.5% ndiyo unyevu wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa mahindi makavu. Namba hii haihusu mahindi yaliyo shambani, kwa sababu huko punje bado ina maji mengi. Inahusu kizingiti cha kuingia ghalani. Mara tu inapotokea, yale majibu matatu yanapungua: uwanja wa mapambano ni uani, kabla gunia halijafungwa.

Sasa tazama kinachothibitisha usomaji huo. Baada ya slaidi ya 7, shamba halirudi tena. Hakuna mbegu inayovumilia ukame, hakuna dawa ya kibayolojia ya kunyunyiza shambani kama Aflasafe, hakuna tarehe ya kuvuna. Mtoa mada aliitaja njia ya shambani kisha akaiacha bila kutangaza kwamba ameiacha. Ukiwa na wasilisho la maneno machache, fuatilia kila kilichotajwa mwanzoni uone kama kinapata mwenzake huko mbele. Kisichopata mwenzake kimewekwa kando, na kuwekwa kando ni sehemu ya hoja.

Kiungo ninachokithamini kuliko vyote ni kati ya 8 na 9. Turubai, kisha mfuko. Wengi wataweka "na pia" hapo, kana kwamba ni vifaa viwili vya kununua. Zibadilishane uone. Mfuko ukitangulia, wasilisho linasema dawa ni mfuko, na turubai ni nyongeza. Turubai likitangulia, linasema kausha kwanza, ndipo uhifadhi. Na hapa fani yenyewe inaunga mkono mpangilio: mfuko usiopitisha hewa haukaushi mahindi. Unawanyima wadudu hewa na unazuia unyevu wa nje usiingie, lakini unyevu ulioufungia ndani unabaki ndani. Mahindi mabichi yakitiwa humo huharibika humohumo. Kwa hiyo neno la pale katikati ni "kisha, na kisha tu", na slaidi mbili zenye maneno manne kwa jumla zimebeba dai zito kuliko zote.

Mwisho wa wasilisho nausoma kwa kurudi nyuma. "Msimu ujao" ni muda, haijibu "Nani analipa?". Kwa kuwa swali la 3 lilijibiwa papo hapo na hili la 11 halikujibiwa, naliona limeachwa makusudi kwa waliokuwa ukumbini. Kama ingefuata slaidi iitwayo "Ushirika", lingekuwa pendekezo. Kukosekana kwake kunaligeuza kuwa ombi. Na ukishajua ombi, unaelewa kwa nini slaidi ya 2 ilikuwa mwaka mtupu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafa. Tukio hilo liko pale mbele ili bei ya turubai kwenye slaidi ya 10 isomwe ikipimwa na vifo hivyo.

Hoja nzima basi, kwa maneno yangu: sumukuvu imewahi kuua, inaweza kuingilia shambani, uani au ghalani, lakini mahali tunapoweza kuizuia ni uani, kwa kufikisha unyevu chini ya 13.5% kabla ya kuhifadhi; kinachohitajika ni turubai kwanza, kisha mfuko; gharama yake inajulikana; mlipaji apatikane kabla ya msimu ujao.

Ukiandika namna hii, wajibu wako ni kuweka alama kwenye kila sentensi. Mimi hutumia herufi tatu pembezoni. S ni kilichoandikwa kwenye slaidi, kama bei. M ni kinachobebwa na mpangilio, kama "turubai kwanza". W ni changu mwenyewe, nilichokileta kutoka nje, kama takwimu za 2004. Muhtasari usio na alama hizi humpa mtoa mada maneno ambayo hakuyasema, naye akija kubishiwa atakuwa na haki ya kulalamika.

Alama hizo pia huonyesha mashimo. Hapa shimo liko kati ya 7 na 8: wasilisho linadai asilimia kwa nukta, wala halionyeshi mkulima ataipima vipi. Kipimo cha chumvi kinachofundishwa vijijini, yaani kutikisa mahindi na chumvi kavu ndani ya chupa kavu na kuangalia kama chumvi inaganda kwenye kuta, hubaini unyevu unaozidi takriban 15%. Chumvi isipoganda, umejua uko chini ya 15, hujajua kama umefika 13.5. Huenda mtoa mada alilieleza kwa mdomo. Kwenye karatasi haimo, na muhtasari mwaminifu useme haimo.

Kuna mambo yanayoharibu usomaji huu kabla hujaanza. Ukifungua `Outline View` kwenye PowerPoint ili upate vichwa kwa mpigo, utaviona vile tu vilivyoandikwa kwenye nafasi rasmi ya kichwa. Neno lililoandikwa kwenye kisanduku cha kawaida halitokei, na slaidi inaonekana haina kichwa. Slaidi iliyofichwa huwa na namba iliyokatwa kwa mstari. Haikuonyeshwa ukumbini, kwa hiyo usiihesabu kwenye mtiririko, ingawa mara nyingi ina jibu la swali lililotarajiwa. Ukipata faili la PDF, dai lile la asili, kwani maelezo ya mtoa mada chini ya slaidi kwa kawaida hayaji nalo.

Na kuna mawasilisho ambayo mpangilio wake si ushahidi wa lolote: Utangulizi, Malengo, Mbinu, Changamoto, Mapendekezo, Asante. Huo ni mfuatano wa fomu. Ukijaribu kubadilishana Changamoto na Mapendekezo, kinachovunjika ni desturi tu. Hapo usilazimishe hoja. Andika kwamba vichwa havitoshi.

Vichwa vyenye sentensi kamili vina hatari yake. Januari 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kikiwa bado kinazunguka dunia, mameneja wa NASA walionyeshwa slaidi kuhusu kipande cha povu kilichobanduka kwenye tangi na kupiga bawa. Kichwa chake kilituliza: mapitio ya majaribio yanaonyesha makadirio yana tahadhari. Chini kabisa kulikuwa na kwamba povu lile lilikadiriwa kuwa inchi za ujazo 1920, na la majaribio 3. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika na watu 7 wakafa, na tume ya uchunguzi ikaijadili slaidi hiyo kwenye ripoti yake. Slaidi yenye maneno machache haina hata ule mstari wa chini. Kwa sababu hiyo, kichwa cha sentensi kikisomwa, muhtasari uandike "mtoa mada anadai", usiandike "imethibitika".

Mtoa mada akipatikana, usimuulize "ulimaanisha nini?", maana atakurudia vichwa vilevile. Muulize kuhusu kiungo kimoja: mfuko ungetangulia turubai, ungekubali?